Mpango wa Biashara: Nyumba ya Wageni ya Vyumba 6, Jambiani

Julai hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari, tunakadiria vyumba kujaa asilimia 65 kwa sh. 90,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Machi, Juni na Novemba: asilimia 40, sh. 70,000. Aprili na Mei ni masika. Asilimia 20 kwa sh. 55,000, na hapo tusijidanganye. Mapato ya mwaka: takriban milioni 94.

Mishahara, umeme, maji, chakula na dobi: milioni 4.6 kwa mwezi. Pango milioni 12 kwa mwaka, kamisheni za mitandaoni milioni 12. Inabaki karibu milioni 15 kabla ya kodi. Chumvi ya bahari hula viyoyozi na vitasa, hivyo milioni 5 zitengwe kwa matengenezo ya masika.