Njia ya Msalaba kwa Anayesali Peke Yake

Kwa wanajumuiya wanaoishi mbali na kigango, Ijumaa za Kwaresima

Kwaresima huku Nyanda za Juu Kusini huangukia kwenye mvua. Njia ya kigangoni ikiharibika, sali hapo nyumbani. Kata vijiti vya mwanzi au msindano, uunganishe misalaba midogo 14 kwa kamba ya katani, uichomeke kando ya njia hatua kumi kumi, kuanzia mlangoni. Picha si lazima. Kinachotakiwa ni msalaba. Anza asubuhi, maana mchana mvua haina ahadi. Mshumaa uache ndani, upepo utakusumbua. Chukua gunia la kupigia magoti, na punje 14 za mahindi mfukoni: kila kituo hamisha moja mfuko wa pili. Anayesali peke yake hupotea hasa kati ya kituo cha saba na cha tisa, kwa kuwa maanguko yanafanana na hakuna wa kumkumbusha.

Mvua ikikukuta katikati, ingia ndani uendelee pale ulipoishia. Usianze upya.

Kuhusu rehema kamili: kwa kawaida hupatikana mbele ya vituo vilivyosimikwa kihalali, kwa kutembea kituo hadi kituo. Aliyezuiliwa kwa sababu ya haki anaweza kuipata kwa kusoma na kutafakari mateso na kifo cha Bwana kwa muda, mathalani walau robo saa, pamoja na kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Kwa hiyo usikimbie. Dakika mbili na nusu kila kituo zinakutosha, na sehemu kubwa iwe kimya.

Kila kituo piga goti, useme sehemu zote mbili mwenyewe:

*Ee Yesu, ninakuabudu na kukushukuru, kwa kuwa umewakomboa watu kwa Msalaba wako mtakatifu.*

Simama, soma, nyamaza, sali. Malizia kwa Baba Yetu na: *Unihurumie, ee Bwana, unihurumie.*

Kuanza. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina. Bwana Yesu, leo sina mwenzangu wa kuitikia. Tembea nami. Ninaiweka mbele yako nia yangu (itaje kwa sauti). Ninatubu dhambi zangu zote. Amina.

Kituo cha 1: Yesu anahukumiwa afe. Pilato ananawa mikono, lakini hukumu ni yake. Bwana, kwenye kikao cha ukoo na cha kijiji nimewahi kunyamaza nikijua ukweli. Nipe ulimi wa kusema haki. Amina.

Kituo cha 2: Yesu anapokea msalaba. Bwana, mzigo wangu ninaujua kwa jina. Leo ninaupokea kutoka mkononi mwako. Amina.

Kituo cha 3: Yesu anaanguka mara ya kwanza. Bwana, umeinuka na vumbi magotini. Niinue mimi niliyeanguka mwanzoni tu mwa Kwaresima. Amina.

Kituo cha 4: Yesu anakutana na Mama yake. Injili haisimulii maneno yao hapa, basi nawe nyamaza kwanza. Mama Maria, waangalie mama zetu waliopeleka mabinti Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na wanaoshika simu usiku wakingoja ipigwe. Mwanao yuko njiani. Wasindikize watoto wetu kama ulivyomsindikiza yeye. Amina.

Kituo cha 5: Simoni Mkirene anamsaidia Yesu. Marko anasema alikuwa akitoka shamba, tena ni baba yao Aleksanda na Rufo. Hakujitolea, alishurutishwa. Simama hapa zaidi ya vituo vingine: ni mtu kama wewe, amechoka, anawaza nyumbani, anakamatwa njiani na mateso ya mtu asiyemjua. Bwana, natoka kupalilia, mgongo unauma, na jirani anaita. Kunisumbua kwake kusinifiche kwamba ni wewe uliyenipa begani upande wa msalaba wako. Nipokee hata ninapokuja kwa kusukumwa. Amina.

Kituo cha 6: Veronika anampangusa Yesu uso. Kituo hiki tumekipokea kwa mapokeo. Bwana, nifundishe kumwosha mgonjwa wa nyumbani kwetu bila kukunja uso. Amina.

Kituo cha 7: Yesu anaanguka mara ya pili. Taja hapa kosa linalojirudia. Bwana, msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na wengi wetu tumeahidi mbele yako kisha tukarudi kilabuni. Nishike mkono jioni, saa ile ninapokuwa dhaifu. Amina.

Kituo cha 8: Yesu anawafariji akina mama wa Yerusalemu. "Msinililie mimi, bali jililieni nafsi zenu na watoto wenu." Bwana, machozi yangu yanifikishe kwenye toba. Amina.

Kituo cha 9: Yesu anaanguka mara ya tatu. Ukiweza, lala kifudifudi juu ya gunia. Bwana, walio chini kabisa leo, waliokata tamaa, wako karibu nawe kuliko wanavyodhani. Wainue. Amina.

Kituo cha 10: Yesu anavuliwa nguo. Kanzu yake haikuwa na mshono, askari wakaipigia kura. Bwana, linda heshima ya waliovuliwa utu: wajane walionyang'anywa mashamba, watoto waliodhalilishwa. Amina.

Kituo cha 11: Yesu anasulubiwa. Alikataa divai iliyotiwa manemane. Maumivu aliyapokea akiwa na akili timamu. Bwana, mikono yangu imefunguka kwa kutaka kwangu, yako kwa misumari. Nisamehe. Nisaidie kusamehe (taja jina la mtu mmoja). Amina.

Kituo cha 12: Yesu anakufa msalabani. Piga magoti. Saa za Injili ni saa zetu hizi hizi: giza tangu saa sita mpaka saa tisa. Kaa kimya dakika tatu, usifungue kinywa. Mawazo yakitangatanga kwenye mbolea na ada ya shule, usipigane nayo; rudia tu polepole: "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Kisha: Bwana, saa yangu ikifika, labda pia nitakuwa peke yangu. Uwepo. Amina.

Kituo cha 13: Yesu anashushwa msalabani. Mama Maria, wapokee wazazi wa huku kwetu waliowazika watoto wao, na mabibi wanaolea wajukuu yatima kwa jembe moja. Amina.

Kituo cha 14: Yesu anazikwa kaburini. Nikodemu alileta manemane na udi, kadiri ya ratli mia. Zawadi kubwa namna hiyo, kwa mtu aliyekwisha kufa! Bwana, nipe kutoa bila kuhesabu. Uwakumbuke marehemu wa ukoo wangu (wataje), wapate mwanga wa milele. Amina.

Kumaliza. Geuka utazame njia uliyotembea. Sali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe kwa nia za Baba Mtakatifu, kisha:

Bwana Yesu, umelala kaburini, nami ninarudi jikoni na shambani. Ninakungoja mpaka alfajiri ya Pasaka. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.

Misalaba iache mahali pake hadi Ijumaa Kuu. Iliyolegea kwa mvua ikazie kamba Alhamisi jioni.