Tangazo la dukani, Darajani: kumi la mwisho la Ramadhani

(Lisomwe kwa kipaza sauti baada ya alasiri, kisha baada ya Tarawehe mpaka saa 5 usiku. Soma taratibu. Ukisikia adhana, zima.)

Assalaam alaykum warahmatullah. Mama unayepita na kikapu cha futari, baba uliyeshikwa mkono na mwanao, tunakuombeni dakika moja.

Tumeingia kumi la mwisho. Mwezi utaandama 29 au tutatimiza 30, Mungu ndiye ajuaye. Mtoto anajua moja tu: Sikukuu Mosi asubuhi anavaa kipya, jioni anapelekwa Mnazi Mmoja.

Kanzu za watoto, miaka 2 mpaka 12, shilingi 15,000. Za wakubwa, 35,000. Ukichukua mbili za watoto, kofia moja juu yetu. Madera ni 18,000. Yalikuwa 22,000 tangu Shaabani, hatukuyapandisha jana ili tuyashushe leo. Anayenunua hapa kila mwezi ni shahidi. Kanga, doti 12,000. Unamchukulia wifi? Ifungue kwanza usome jina lake, maana kanga husema, na aliyepelekewa ndiye anayesikia.

Fundi yupo barazani na cherehani yake. Kanzu ikizidi, mtoto avue viatu, asimame wima, apimwe kutoka begani mpaka kifundo cha mguu. Pindo tunaacha vidole vinne ndani, mwakani akirefuka mnalifumua. Kukunja ni bure. Nguo za kushona mpya mwisho wetu ni mwezi 25 Ramadhani. Baada ya hapo hatupokei hata kwa bei mara mbili, kwa sababu tumeshaona mtoto akilia asubuhi ya Idi nguo yake ikiwa bado haina mikono.

Na jambo moja kabla ya nguo: fitri. Pishi moja kwa kila roho nyumbani, itoke kabla ya sala ya Idi. Kama pesa ni hiyo hiyo, itangulie fitri. Kanzu chagua leo, weka chochote ulichonacho, tutaifunga na kuandika jina lako. Utamalizia usiku wa Idi.

Ndugu zetu wa Pemba, tunatuma kwa boti. Tupeni jina na simu ya mpokeaji bandarini Mkoani.

(Kwa muuzaji: mteja akisema "nipunguzie," mjibu hivi: "Bibi yangu, hapo nimefika mwisho, wallahi, ila nikuongeze kofia ya mdogo wake." Usiape kama hujafika mwisho.)

(Usiku wa mwandamo, soma hili tu:)

Mwezi umeandama, Idi Mubarak! Duka liko wazi mpaka alfajiri. Mlioweka kanzu, njooni na risiti zenu. Fundi bado amekaa barazani, taa inawaka.