Ukaguzi wa hotuba ya kumtambulisha mgeni, baada ya mazoezi ya mwisho

Kwa wasikilizaji watatu wa Chama cha Kiswahili. Kaeni viti vya nyuma kabisa bwaloni, maana huko ndiko sauti hufia. Mmoja ashike saa, wa pili ashike wasifu aliotutumia mgeni mwenyewe, wa tatu asishike kitu. Jibuni "ndiyo" au "bado". "Nusu nusu" sipokei.

Urefu
☐ Dakika tatu, tangu salamu hadi jina la mgeni. Ikigonga tatu na nusu, bado. Orodha ya semina ndiyo ikatwe kwanza.
☐ Akishasema "itifaki imezingatiwa", harudi tena kuwataja wakubwa mmoja mmoja.

Usahihi (hapa msiwe na huruma)
☐ Jina la mgeni limetamkwa kama alivyolitamka mwenyewe kwenye simu.
☐ Cheo: alistaafu akiwa mhariri mwandamizi wa habari redioni. Si mkurugenzi. Ukimpandisha mtu cheo unampa kazi ya kujisahihisha mbele ya wanafunzi.
☐ Siku ya Kiswahili Duniani: UNESCO iliitangaza Novemba 2021, ikaadhimishwa mara ya kwanza 7 Julai 2022. Mazoezi ya kwanza tulisikia "tunaiadhimisha tangu 2021".
☐ TANU iliundwa 7 Julai 1954. Rasimu ya kwanza iliandika 1961. Huo ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika.
☐ Ile sentensi ya "mmoja wa waasisi wa BAKITA" imeondoka kweli? Baraza liliundwa 1967, na mwaka huo mgeni wetu alikuwa darasa la pili.

Uwazi
☐ Yule asiyeshika kitu aseme kwa sentensi moja mgeni ni nani na amekuja kuzungumzia nini. Jibu tunalolitaka: mhariri mstaafu, kutafsiri habari kwa ajili ya redio. Akibabaika, kosa si lake.
☐ "Nguli", "gwiji", "mbobevu": limebaki moja tu.
☐ Jina limekuja mwisho, polepole, na sauti haikushuka.

Ukunjufu
☐ Kisa cha kengele kimo. Mgeni alisoma hapa hapa, na ndiye aliyekuwa akigonga ule ukingo wa gurudumu unaoning'inia mwembeni hadi leo. Mtambulishaji ametua kidogo kabla ya kukisimulia, watu wapate kugeuka dirishani kuutazama.
☐ Ameinua macho kwenye karatasi na kukitazama kiti cha mgeni, ingawa leo ni kitupu.
☐ Utani wa makabila haumo. Mgeni akiuanzisha mwenyewe, sawa, tutacheka.
☐ Amemwita "mwalimu wetu" mara moja na imesikika imetoka moyoni. Mara ya pili inaanza kunukia kujipendekeza.

"Bado" moja kwenye usahihi, hotuba inarudiwa leo leo. Kwingineko, zikifika tatu. Karatasi zinifikie ofisini kabla ya saa kumi jioni, na mtambulishaji asizione kabla yangu. Ana wasiwasi wa kutosha.