Mkutano wa Jumamosi 26 Septemba tumeugawanya: tutakutana tarehe 3 na tarehe 6 Oktoba

Kwa wanachama wote wa BMU yetu: wenye vyombo, manahodha, mabaharia, wavuvi wa pweza, mama karanga na wachuuzi
Kutoka kwa Katibu
Mombasa, Alhamisi 17 Septemba 2026

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, na salamu za amani kwa wenzetu Wakristo.

Ule mkutano mkuu niliowatangazia wa Jumamosi tarehe 26 Septemba, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, hautafanyika siku hiyo. Badala yake tutakuwa na vikao viwili vifupi, kila kimoja saa moja na nusu.

Kikao cha kwanza ni cha pesa: Jumamosi tarehe 3 Oktoba, saa 7:30 mchana hadi saa 9 kamili, hapo bandani.

Kikao cha pili ni cha bahari: Jumanne tarehe 6 Oktoba, saa 3 asubuhi hadi saa 4:30, hapo hapo bandani.

Mwenye haraka ameshapata alichotaka. Lakini naomba mnisomee mpaka mwisho, kwa sababu wengine mmenipigia simu mkiuliza kama kuna jambo linafichwa. Hakuna. Nitaeleza yote.

Nilipokaa kuandika ajenda ya tarehe 26, kila aliyenipigia alikuwa na lake, nami sikumkatalia mtu. Nikajikuta na mambo kumi na moja: hesabu ya Mweka Hazina, bili ya stima ya friza, mikopo isiyorudi, ada ya mwaka, juya, zamu za doria, mafuta ya boti ya doria, jaketi za kuokolea, leseni za vyombo, mahali pa kutia nanga na usafi wa ufuo. Nikamsomea Mwenyekiti. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Katibu, mwezi Machi tulikuwa na mangapi?"

Mwezi Machi tulikuwa na manane. Mnakumbuka ilivyokuwa. Tulianza na watu sitini na wanne. Suala la juya likatuchukua saa mbili na nusu, watu wakapandishiana sauti, na lilipotulia mama karanga walikuwa wameshaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kuwasha majiko. Hawakuwa na hiari: samaki asiyekaangwa alasiri hauzwi jioni. Hesabu ya Mweka Hazina ilisomwa saa 9:30, na tulipopiga kura ya kila mwanachama kutoa shilingi mia tano za friza, nilihesabu mikono nikapata watu kumi na tisa ndani ya banda. Kumi na tisa waliamua kwa niaba ya sitini na wanne. Hata akidi hatukuitazama tena.

Matokeo mnayaona. Mpaka leo mchango ule umelipwa na watu ishirini na mmoja. Wengi wa ambao hawajalipa ni wale wale waliokuwa wameondoka, na kila nikiwafuata jibu ni moja: mimi sikuwepo. Bi mmoja aliniambia, "Mwanangu, pesa ni yangu, friza ni yangu, samaki anayeoza ni wangu, lakini mlisubiri niondoke ndipo mkaamua." Hatukumsubiri aondoke. Ila mpangilio wetu ndio uliomwondoa, na aliyeuandika mpangilio ule ni mimi. Kwa hilo nawaomba radhi akina mama wote wa banda hili, kwa moyo wangu wote.

Ndiyo maana pesa imepewa kikao chake, na imetangulia. Saa 7:30 mnakuwa mmemaliza swala ya Adhuhuri na kutia kitu tumboni, na saa 9 tunatoka kabla ya adhana ya Alasiri na kabla ya majiko. Mambo ni manne tu: hesabu, bili ya stima, mikopo, na ada. Kura ya mchango wa friza tutaipiga upya, maana kamati imekubali kwamba ile ya Machi haikuwa ya haki. Walioshatoa mia tano zao wasiwe na wasiwasi: majina yao yako daftarini, na kura ikianguka watarudishiwa.

Pesa imetangulia kwa sababu nyingine pia. Hatuwezi kukaa tarehe 6 tukapanga doria ngapi kwa mwezi ilhali hatujui sanduku lina mafuta ya doria ngapi. Mwezi Machi tulifanya kinyume: tukapitisha doria nane asubuhi, na alasiri Mweka Hazina akatusomea hesabu isiyotosha hata tatu.

Sasa tarehe yenyewe. Hapa pia kosa ni langu. Tarehe 26 niliichagua kwa kutazama kalenda ya ukutani, Jumamosi, basi. Sikutazama mwezi. Siku hiyo mwezi unakuwa mpevu, ni bamvua, na bamvua la Septemba ni katika makubwa ya mwaka. Maji yatakuwa yamekupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, yaani mkutano ukiwa unaendelea. Wavuvi wa pweza wanangojea siku nne tano kama hizo kwa kila bamvua ili mwamba ufunuke. Kumwita mtu kama huyo aje kukaa kwenye kiti saa hiyo ni kumwambia achague kati ya kura yake na chakula cha watoto. Mzee wetu mmoja wa pweza ndiye aliyenizindua, tena kwa upole, na namshukuru.

Tarehe 3 na 6 Oktoba ni maji mafu. Mwamba haufunuki vizuri, pweza ni wachache, mwenye kukosa bahari kwa saa mbili hapotezi kikubwa. Ingewezekana kusukuma mkutano mzima, ule wa saa sita, kwenye maji mafu, na wajumbe wawili wa kamati walipendekeza hivyo. Lakini kubadilisha siku peke yake kusingetatua lile la Machi. Mtu akikaa tangu asubuhi, kufika mchana masikio yamechoka, na jambo la tisa au la kumi hupita kwa sababu tu watu wanataka kwenda nyumbani.

Kikao cha bahari kimewekwa Jumanne kwa sababu Afisa wa Uvuvi wa kaunti amekubali kuja, na yeye hupatikana siku za kazi. Atakaa nasi muda wote. Mambo ni juya, doria pamoja na mafuta yake, jaketi, na leseni.

Kuhusu juya niseme mapema, ili tusipoteze nusu saa ya kwanza. Juya limepigwa marufuku nchini tangu 2001, na BMU haina uwezo wa kuliruhusu hata tukipiga kura sote. Kwa hiyo hatutajadili kama liruhusiwe. Tutajadili ndugu zetu wanaolivuta watahamia kwenye chombo gani cha kuvulia, kwa muda gani, na kama mfuko wa mikopo unaweza kuwasaidia kununua mishipi, malema au jarife lenye macho yanayokubalika. Wale ni watu wetu, wana familia, na wengi ni mabaharia wasiomiliki hata kasia. Nataka waje, waseme, wasikilizwe. Mwezi Machi walikemewa tu, kisha wakarudi baharini na juya lile lile.

Tena hatuwezi kuchelewa zaidi ya hapo. Kusi linaishia, matlai inaingia, na kaskazi ikishika vyombo vitatoka nje ya mwamba kila siku. Nahodha asiye na jaketi za kutosha ajulikane kabla ya hapo, si baada ya msiba.

Mambo mawili yaliyobaki yametolewa kabisa kwenye mikutano, pamoja na usomaji wa muhtasari wa Machi. Usafi wa ufuo hauna ubishi, kwa hiyo kamati itapanga zamu na kuzibandika ubaoni. Mahali pa kutia nanga panahusu wenye vyombo wanane, na Mwenyekiti atakaa nao wenyewe ufuoni wiki ijayo, wakiwa wanatazama mahali penyewe. Muhtasari wa Machi hatutausoma kwa sauti kama tulivyozoea. Nimeubandika mlangoni pa banda na kuutuma kwenye kundi letu la simu. Mwenye kuona kosa aniambie kabla ya tarehe 3. Asiyesoma aje kwangu nimsomee, nipo bandani kila siku baada ya Alasiri.

Kuna walioniuliza kama ni lazima kuja mara zote mbili. Kila mwanachama anakaribishwa kote na ana kura kote. Ila mama karanga asiye na chombo akikosa cha bahari, hakuna uamuzi wa pesa yake utakaopitishwa huko: jambo la kikao kimoja halitafunguliwa kwenye kingine. Tarehe 6 mtu akisimama kuuliza habari ya friza, Mwenyekiti atamkatiza kwa heshima. Ninyi wenye vyombo na manahodha, tafadhali njooni kote kuwili, maana mikopo na mafuta vyote vinawagusa.

Najua kuja mara mbili ni gharama. Wenzetu mliohamia ng'ambo, kisiwani na upande wa Kongowea, feri ya Likoni hamlipi mkivuka kwa miguu, lakini matatu mnalipa. Kamati imekubali kumrudishia kila anayetoka ng'ambo shilingi mia mbili za nauli ya kikao cha pili, mkononi, kwa kutia sahihi daftarini.

Pesa hizo zimetoka kwenye chakula. Mkutano wa kutwa ulihitaji pilau ya watu sabini. Vikao vya saa moja na nusu vitakuwa na kahawa chungu na mahamri, na hakutakuwa na pilau. Najua wapo watakaosikitika, na wazee waliozoea kula pamoja baada ya mkutano wana hoja, kwa sababu pale kwenye sinia ndipo ugomvi mwingi wa banda hili umekuwa ukiisha. Nimelipeleka kwa Mwenyekiti. Amesema kaskazi ikianza vizuri tutapika siku moja bila ajenda yoyote.

Kura zitapigwa tu akidi ikiwa imetimia, na nitahesabu watu mara mbili, mwanzo na kabla ya kila kura. Tutaanza kwa saa tuliyoandika. Atakayechelewa aingie akae, lakini hatutarudia kilichokwisha semwa.

Mwenye udhuru wa mazishi, hospitali au safari anitumie ujumbe kabla ya Jumatano tarehe 30 Septemba. Mwenye hoja juu ya mambo haya manane anaweza kuniandikia pia, nami nitaisoma kikaoni kwa jina lake. Jambo jipya lisilo kwenye orodha lije baada ya tarehe 6, tutalitafutia siku yake.

Manahodha, tafadhali wasomeeni mabaharia wenu tangazo hili kabla hamjatoka na bamvua.

Wenu,
Katibu, kwa idhini ya Mwenyekiti na kamati