Kuchelewa kwa nyumba yako ya Nyamasaria na tarehe mpya ya kumaliza

Kisumu, 12 Mei 2025

Mama Achieng,

Salamu sana, natumai huko Nairobi wote mko salama. Tarehe 30 Juni tuliyokubaliana haitawezekana juu ya mvua. Tarehe mpya ni Ijumaa 15 Agosti 2025, na nakuomba usimpe landlodi notisi ya kuhama kwa sasa.

Unajua vile udongo wa hapa ni ule mweusi, ukinywa maji unafura na ukikauka unapasuka, kwa hivyo ilikuwa lazima tuuchimbe wote tuutoe ndio tujaze mawe na maramu. Sasa tulipomaliza kuchimba mtaro wa msingi Aprili mvua ikaanza, inanyesha jioni mpaka usiku, asubuhi tunakuta mtaro umejaa maji na kuta zimeporomoka ndani, tunapampu, tunatoa matope, tunachimba tena, kesho yake ni vilevile. Lori za kokoto nazo zikawa zinakwama kwa ile barabara ya ndani, moja ililala hapo siku mbili. Fundi walikuwa wanataka tumwage zege hivyo hivyo nikakataa, kwa sababu zege ikikalia matope msingi unashuka upande mmoja na baada ya mwaka unaona nyufa kwa ukuta kutoka dirishani. Maramu pia ikilowa haishindiliki, kompakta inapita juu inabonyea tu kama unga wa ugali, kwa hivyo tuliisubiri ikauke.

Habari njema ni kwamba slabu tuliimwaga Alhamisi tarehe 8 na imetoka vizuri, tunaimwagilia maji asubuhi na jioni isikauke haraka, picha nimekutumia kwa Wotsap. Alhamisi hii tunaanza kuta. Ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, iwe imeisha 7 Juni, mabati yawe juu 28 Juni, na tukishaezeka mvua haitatusumbua tena, inabaki plasta, waya, mabomba, taili na rangi. Plasta sitaiharakisha, ikipakwa rangi kabla haijakauka inatoa malengelenge.

Kuhusu pesa, mkataba unasema mvua inatuongezea muda, haiongezi bei, kwa hivyo kukodisha pampu na siku fundi walikaa bure ni juu yetu. Ile awamu ya pili pia usilipe mpaka ringi bimu iishe na injinia wako aione.

Hizo tarehe nimeziwekea nafasi ya mvua mpaka mwisho wa Mei. Ikivuka hapo nitakupigia kabla ya 7 Juni nikwambie imetusogeza kiasi gani, hutangoja mpaka Agosti ndio ujue. Najua ulitaka watoto wahamie mapema na najua kodi inaendelea kukuumiza, pole sana mama.

Kama tarehe iko sawa nijibu kufikia Ijumaa hii, na unitumie saizi ya madirisha ya jikoni uliyoamua ndio nimwambie fundi wa vyuma aanze.

Otieno
Msimamizi wa saiti, Nyamasaria