Jembe la Adhabu: Shule na Safari ya Vijana Kwenda Kampala

Katika shule nyingi za vijijini Uganda, mtoto akichelewa kufika huadhibiwa kwa jembe. Hupimiwa kipande cha shamba la shule, akalima mpaka mwalimu aridhike, kisha akarudi darasani kusoma kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Somo linalomkaa ni lile la kwanza.

Wachambuzi wa uhamaji huanza na pesa. Mwaka 1970 wanauchumi John Harris na Michael Todaro walieleza kwa nini watu huzidi kumiminika mjini hata kazi zikiwa haba: mhamaji hupima kipato anachokitarajia, si kile tu anachokiona. Hoja nzito, ila haisemi matarajio yenyewe yanapikwa wapi. Kwa maoni yangu, jiko lake kubwa ni shule.

Serikali iliondoa karo katika shule za msingi mwaka 1997, ikaanza mpango kama huo kwa sekondari mwaka 2007. Wakaingia darasani watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Kule Bwera, wilayani Kasese, mzazi anayeuza kahawa apate pesa ya sare na daftari humwambia mwanawe waziwazi: "Soma, usije ukawa kama mimi." Shamba limeshapewa jina la kushindwa, na aliyelipa jina hilo ni mkulima mwenyewe. Lugha nayo inavuta huko huko: kufikia darasa la nne Kiingereza kimeshika usukani, na lugha ya nyumbani imebaki ya nyumbani.

Mpondwe, pale mpakani na Kongo, nilizungumza na kijana wa boda. Cheti chake cha kidato cha nne alikuwa amekifunga kwenye nailoni, akakificha chini ya kiti cha pikipiki. "Hiki ni cha Kampala," aliniambia. Akaja mteja kutoka ng'ambo. Wakapatana bei kwa Kiswahili, naye akabadilisha faranga kuwa shilingi kichwani, bila simu wala karatasi. Ujuzi huo hakuuhesabu kuwa elimu. Hauna muhuri.

Si haki kuibebesha shule lawama yote. Shamba la babu limegawiwa wana, likagawiwa wajukuu, na sasa migomba inahesabika kwa vidole. Binti mara nyingi hagawiwi kitu. Kwake, kwenda kufanya kazi za ndani Kampala ni hesabu ya kawaida kabisa, tamaa haimo. Mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unasisitiza stadi za kazi, nami naupenda, ingawa sijui mwalimu atausomeshaje huku jembe likiwa bado fimbo.

Yule kijana nilimuuliza akizipata pesa za Kampala atazifanyia nini. Hakufikiri hata kidogo. Atanunua shamba, alisema, apande kahawa.