YAH: MAOMBI YA KAZI YA OFISA MAUZO, NYANDA ZA JUU KUSINI

Mwanjelwa, Mbeya
12 Januari 2025

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Naomba nafasi tajwa hapo juu. Kwa miaka 4 nimeuza mafuta ya kula na sabuni kwa maduka ya jumla, nikianzia Mbeya mjini peke yake. Sasa nahudumia pia Kyela, Vwawa, Tunduma na Makambako.

Mwaka 2024 lengo langu lilikuwa katoni 14,400. Niliuza 16,128, sawa na asilimia 112. Mwaka 2023 niliishia asilimia 94, kwani masika yalikata njia za vijijini nami sikuwa nimewajazia wateja stoo mapema. Tangu hapo oda za masika nazichukua Februari.

Nimepata wateja wapya 63, na 51 kati yao bado wanaagiza kila mwezi. Mmoja wa Tunduma alinikatalia mara tatu. Safari ya nne sikumtajia bei, nilimuuliza tu kilichomuudhi: aliwahi kuletewa katoni zinazovuja, akaambiwa mzigo ukishapokelewa haurudi. Oda yake ya kwanza nilipanda nayo kwenye gari, tukafungua katoni moja moja mlangoni kwake. Leo anachukua katoni 120 kwa mwezi.

Madeni ya wateja wangu yaliyopita siku 30 hayazidi asilimia 3 ya mauzo. Nina leseni ya udereva, na naweza kuanza kazi baada ya notisi ya mwezi mmoja.

Wako mtiifu,
Rehema Juma